Mstari Mkali, Mstari Mrefu: Namna ya Kusoma Grafu ya Kasi ya Mmenyuko

Swali lenyewe huwa fupi. Kwenye karatasi kuna mihimili miwili: ule wa chini unaonyesha muda kwa sekunde, ule wa wima unaonyesha uzito wa gesi iliyotoka kwenye chupa. Mstari A umechorwa tayari. Unapanda kwa nguvu mwanzoni, unaanza kupinda, kisha unalala. Mtahiniwa anaulizwa: mkolezo wa asidi ukiongezwa mara mbili, mstari mpya utakuwaje? Chora B kwenye mihimili hiyo hiyo, kisha eleza.

Wengi wanachora mstari unaopanda kwa ukali zaidi na kuishia juu zaidi. Wengine wanachora unaopanda kwa ukali zaidi lakini unaoishia palepale ulipoishia A. Makundi yote mawili yanaweza kuwa sahihi, na yote mawili yanaweza kukosa, kwa sababu jibu linategemea sentensi ambayo mara nyingi inasomwa kwa haraka: kiasi gani cha asidi kimetumika, na ni kitu gani kimewekwa kwa ziada. Grafu hii inajibu maswali mawili kwa wakati mmoja. Ukali wa mstari unaeleza kasi, na urefu wake unaeleza jumla ya kilichopatikana. Maswali hayo mawili yanatawaliwa na mambo tofauti, na anayeyachanganya atapoteza alama hata kama anaijua kemia yake vizuri.

Njia nzuri ya kuyatenganisha ni kulifuata jaribio moja hadi mwisho. La marumaru na asidi ya haidrokloriki linafaa, kwa kuwa vifaa vyake ni vichache na hesabu yake ni nyepesi. Marumaru ni kalisiamu kaboneti, kitu kilekile kinachounda mawe ya chokaa, magamba ya konokono na maganda ya mayai. Ikikutana na asidi, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka kwa mapovu:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Chupa ya koni inawekwa juu ya mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Ndani yake kuna gramu 20 za vipande vya marumaru. Asidi inamiminwa, pamba inazibwa mdomoni kwa ulegevu ili gesi ipite lakini matone yanayorushwa na mapovu yasitoke, na uzito unasomwa kila baada ya sekunde 30. Kila gesi inavyotoka, usomaji wa mizani unapungua. Uzito uliopotea ndio unaochorwa kwenye mhimili wa wima.

Tuseme mstari A ni wa asidi sentimita za ujazo 50 yenye mkolezo wa moli 1 kwa lita. Hapo kuna moli 0.05 za asidi. Mlinganyo unasema moli mbili za asidi hutoa moli moja ya gesi, kwa hiyo gesi itakuwa moli 0.025, na kwa kuwa moli moja ya kaboni dayoksaidi ina gramu 44, mstari utalala kwenye gramu 1.1. Marumaru itakayoliwa ni gramu 2.5 tu kati ya zile 20. Hii ndiyo maana ya kusema marumaru ipo kwa ziada. Asidi itakwisha, mawe yatabaki, na eneo la mawe linaloguswa na asidi halitabadilika sana tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kupima chochote, basi, mwisho wa mstari umeshajulikana kwa hesabu. Kasi haikuingia mahali popote katika hesabu hiyo. Iwe mmenyuko umechukua dakika tano au saa nzima, asidi ile itatoa gramu 1.1 na si zaidi.

Kasi inaonekana kwenye njia ya kufika huko. Tuchukue takwimu za mfano, zilizopangwa ziwe rahisi kufuatwa: baada ya sekunde 30 gramu 0.32 zimetoka, baada ya sekunde 60 gramu 0.55, baada ya sekunde 120 gramu 0.83, na baada ya sekunde 300 gramu 1.07. Dakika ya kwanza imetoa nusu ya gesi yote. Dakika ya pili imetoa nusu ya ile iliyobaki. Mstari unapinda kwa sababu kila sekunde inayopita inaacha asidi chache zaidi ndani ya maji yaleyale, na chembe za asidi zikipungua, zinazogonga uso wa jiwe katika kila sekunde nazo zinapungua.

Mwanafunzi akitakiwa kupata kasi ya mwanzo, hapaswi kugawanya gramu 1.1 kwa muda wote wa jaribio. Kufanya hivyo kunachanganya dakika zenye kasi na dakika za mwisho ambazo karibu hakuna kinachotokea, na jibu linatoka dogo mno. Anachotakiwa kufanya ni kuweka rula igusane na mstari pale unapoanzia, kwenye sifuri, na kuchora tanjenti, yaani mstari ulionyooka unaofuata mwelekeo wa mpindo mahali hapo tu. Katika mfano wetu tanjenti hiyo, ikirefushwa hadi sekunde 60, inafika karibu gramu 0.76. Kugawanya 0.76 kwa 60 kunatoa gramu 0.0127 kwa sekunde. Tanjenti ya pili ikichorwa kwenye sekunde ya 60, ukali wake unakuwa nusu ya ule wa kwanza, sawasawa na asidi iliyobaki, ambayo nayo ni nusu. Ni vema kuifanya tanjenti iwe ndefu na kuchukua pembetatu kubwa, maana pembetatu ya milimita chache hubeba kosa kubwa la kusoma.

Sasa lije lile swali la mkolezo, na hapa ndipo panapohitaji utulivu. Kuna njia mbili za kuongeza mkolezo mara mbili, nazo hazitoi mstari mmoja.

Njia ya kwanza, tuiite B, ni kutumia asidi ya moli 2 kwa lita lakini sentimita za ujazo 25 badala ya 50. Ukizidisha, moli za asidi ni zilezile 0.05. Mstari B lazima ulale kwenye gramu 1.1, palepale pa A. Lakini kila tone linalogusa jiwe lina chembe za asidi mara mbili ya zile za A, kwa hiyo mwanzo wake ni mkali mara mbili, karibu gramu 0.025 kwa sekunde. Nusu ya gesi inakuwa imetoka kwa sekunde 30 badala ya 60. B unapanda haraka, unapinda mapema na kulala mapema.

Njia ya pili, C, ni kutumia sentimita za ujazo 50 za asidi hiyo ya moli 2. Sasa moli za asidi ni 0.10, na mstari utapanda hadi gramu 2.2. Mwanzo wake je? Mkolezo ni ule wa B na mawe ni yaleyale, kwa hiyo C unaanza na ukali uleule wa B. Katika sekunde 10 za kwanza mistari hiyo miwili karibu inalaliana: B iko gramu 0.23, C gramu 0.24. Baada ya hapo B anaanza kubaki nyuma, kwa kuwa asidi yake ni chache na mkolezo wake unashuka haraka, wakati C anaendelea kupanda. Ukali wa mwanzo unaamuliwa na mkolezo. Mwisho unaamuliwa na idadi ya moli, yaani mkolezo mara ujazo. Mtu akiitazama mistari A, B na C pamoja ataona jambo hilo kwa macho: B na A wanakutana juu, B na C wanakutana chini.

Kuna hali ya tatu inayowakamata wengi. Kama kinachokwisha kwanza ni marumaru na asidi ndiyo iliyo kwa ziada, kuongeza mkolezo wa asidi hakuongezi hata gramu moja ya gesi mwishoni, hata kama ujazo haukubadilishwa. Mstari unakuwa mkali zaidi na unaishia palepale. Ndiyo maana maneno kama "marumaru kwa ziada" au "asidi kwa ziada" ni maneno ya kupigiwa mstari chini kabla ya kalamu kugusa grafu.

Maelezo ya sababu nayo yana mtego wake. Sentensi inayoandikwa mara nyingi ni kwamba mkolezo ukiongezeka "migongano inaongezeka". Sentensi hiyo haijakamilika. Mmenyuko wa polepole nao, ukipewa muda, utakuwa na migongano mingi sana mpaka mwisho, na gesi itatoka yote. Kinachobadilika ni idadi ya migongano katika kila sekunde. Jibu kamili linasema kwamba chembe za asidi ni nyingi zaidi katika ujazo uleule, kwa hiyo zinagonga uso wa jiwe mara nyingi zaidi kwa sekunde, na kwa hiyo migongano yenye matokeo nayo inakuwa mingi zaidi kwa sekunde. Maneno hayo "kwa sekunde", au "kwa kila kipimo cha muda", ndiyo yanayoligeuza jibu kuwa la kasi.

Joto ni habari nyingine, ingawa kwenye karatasi linaonekana kufanya kazi ileile.

Rudia jaribio A bila kubadilisha ujazo wala mkolezo, ila asidi ipashwe hadi nyuzi 40 za Selsiasi. Mstari mpya, D, utakuwa mkali zaidi na utalala kwenye gramu 1.1. Joto haliongezi chembe hata moja ya asidi. Mtahiniwa anayeuinua D juu ya A ameamini kwamba joto linatengeneza gesi, jambo ambalo mlinganyo unalikataa. Kwenye maabara halisi D anaweza kweli kuonekana amepanda kidogo kupita A, kwa sababu maji ya moto yanapoteza mvuke na mizani haijui kutofautisha mvuke na gesi. Dalili yake ni kwamba uzito unaendelea kupungua polepole hata baada ya mapovu kukoma. Isitoshe, sehemu ndogo ya kaboni dayoksaidi hubaki imeyeyuka ndani ya maji, na maji baridi huishikilia zaidi kuliko maji ya moto. Kwa sababu hiyo mistari ya maabara inaweza kuishia chini kidogo ya hesabu, na ile ya baridi zaidi ndiyo hushuka zaidi.

Kwa kweli marumaru si mahali pazuri pa kuonyesha nguvu kamili ya joto. Asidi hula kalisiamu kaboneti kwa urahisi mno, kiasi kwamba kinachochelewesha mara nyingi ni safari ya chembe za asidi kupita ndani ya maji hadi zifike kwenye uso wa jiwe. Safari hiyo huharakishwa na joto, lakini kwa kiasi. Walimu wanaotaka athari ya joto ionekane wazi huchukua jaribio la sodiamu thaiosalfeti na asidi ya haidrokloriki, ambalo wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya wanalifahamu vizuri kutoka maabara. Alama ya X inachorwa kwenye karatasi nyeupe, chupa inawekwa juu yake, vimiminika vinachanganywa, na mtu anatazama kutoka juu huku saa ikihesabu. Salfa ya njano inajitenga taratibu, maji yanakuwa kama maziwa, na X inapotea machoni. Muda wa kupotea ndio unaoandikwa.

Hapa grafu inabadilika sura. Hakuna mstari unaopanda na kulala, kwa kuwa kila jaribio zima linatoa nukta moja tu. Kwa vile X hupotea kila mara salfa inapofika kiasi kilekile, kasi inakwenda kinyume cha muda, kwa hiyo kinachochorwa ni 1 kugawanywa kwa muda. Tuseme kwa mfano kwamba kwa nyuzi 20 X inapotea baada ya sekunde 80, kwa nyuzi 30 sekunde 41, kwa nyuzi 40 sekunde 22. Ukigawanya 1000 kwa kila muda ili kuepuka sifuri nyingi, unapata 12.5, kisha 24, kisha 45. Nyuzi kumi za kwanza zimeongeza 11.5. Nyuzi kumi zilizofuata zimeongeza 21. Nukta hizo hazikai kwenye mstari ulionyooka. Zinapinda kwenda juu, na kila hatua ni kali kuliko iliyotangulia. Anayeweka rula na kulazimisha mstari mnyoofu kati yake ameikosa habari kuu ya grafu.

Mkolezo wa thaiosalfeti ukibadilishwa badala ya joto, nukta za 1 kwa muda hukaa karibu na mstari ulionyooka: thaiosalfeti nusu, kasi nusu. Tofauti hiyo kati ya mstari mnyoofu wa mkolezo na mpindo wa joto ina sababu, nayo ndiyo sehemu ambayo majibu mengi huigusa juu juu.

Jibu la kawaida ni kwamba joto likipanda chembe zinakimbia zaidi, kwa hiyo zinagongana mara nyingi zaidi kwa sekunde. Ni kweli, lakini ukweli huo ni mdogo ukilinganishwa na kinachoonekana. Kasi ya wastani ya chembe inafuata kipeuo cha pili cha halijoto, ikipimwa kwa kelvini. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 ni kutoka kelvini 293 hadi 303, na kipeuo cha uwiano huo ni takriban 1.017. Mwendo wa chembe umeongezeka kwa chini ya asilimia mbili. Kasi ya mmenyuko katika mfano wetu imeongezeka karibu mara mbili. Asilimia mbili haiwezi kuzaa ongezeko la asilimia mia moja, kwa hiyo lazima kuwe na sababu nyingine kubwa zaidi.

Sababu hiyo ilipewa umbo la hesabu na mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, mwaka 1889. Mgongano peke yake hautoshi. Chembe zinapaswa kugongana zikiwa na nishati ya kutosha kuvunja viungo vya zamani, na chini ya kiwango hicho zinadunda tu na kuachana. Kwenye kimiminika chembe hazina nishati sawa: nyingi ziko karibu na wastani, chache ziko juu sana. Ni hizo chache tu zinazoweza kumenyuka. Wastani ukisogea kidogo, idadi ya zile zilizo mbali juu ya kiwango inaongezeka kwa uwiano mkubwa. Kwa mmenyuko unaohitaji nishati ya kilojuli 50 hivi kwa moli, nyuzi kumi kutoka 20 hadi 30 zinatosha kuongeza idadi hiyo karibu mara mbili, ingawa mwendo wa wastani haukubadilika kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo jibu la joto linahitaji sababu mbili, na uzito wake si sawa. Chembe zinagongana mara nyingi zaidi kwa sekunde: hiyo ni sababu ndogo. Sehemu kubwa zaidi ya migongano hiyo ina nishati inayofika kiwango kinachohitajika: hiyo ndiyo kubwa. Jibu la mkolezo, kwa upande mwingine, halitaji nishati kabisa. Asidi yenye mkolezo mkubwa katika halijoto ileile haina chembe zenye nguvu zaidi, ina chembe nyingi zaidi. Kuandika kwamba mkolezo "unazipa chembe nishati" ni kosa la moja kwa moja, si upungufu wa maelezo.

Ile kanuni ya kwamba nyuzi kumi huongeza kasi mara mbili nayo iende na mipaka yake. Inafaa kwa mmenyuko wenye kizuizi cha nishati cha ukubwa huo, karibu na halijoto ya chumba. Hata katika mfano wetu, kutoka nyuzi 30 hadi 40 kasi haikufika mara mbili kamili, kutoka 24 hadi 45. Swali likitoa takwimu, mtahiniwa azisome takwimu na asiandike kanuni.

Jaribio la X lina udhaifu wake ambao unaonekana kwenye grafu ukijua pa kuangalia. Kina cha kimiminika lazima kiwe kilekile kila mara, maana jicho linatazama kupitia kina hicho. Ndiyo sababu anayepunguza mkolezo wa thaiosalfeti hujazia maji hadi jumla irudi palepale, na hutumia chupa ya ukubwa uleule. Nukta moja ikiruka nje ya mpangilio wa nyingine, kitu cha kwanza kuulizwa ni kama chupa ilibadilishwa au kama mtazamaji wa X alikuwa mwingine. Mchanganyiko hutoa pia gesi ya salfa dayoksaidi, inayokera mapafu na hatari zaidi kwa mwenye pumu, na joto huizidisha. Kwa hiyo madirisha hufunguliwa, vimiminika havipashwi kupita nyuzi 50 hivi, na chupa iliyokwisha kazi inamwagwa mara moja.

Halijoto yenyewe haitulii. Thaiosalfeti iliyopashwa hadi nyuzi 40 inapoa mara tu asidi baridi inapoongezwa, na inaendelea kupoa mezani wakati saa inahesabu. Anayeandika 40 kwenye jedwali amechora nukta yake kulia zaidi kuliko inavyostahili, na kosa hilo ni kubwa zaidi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo mpindo wote unalala kuliko ulivyo kweli. Dawa yake ni kupasha vimiminika vyote viwili, kusoma kipimajoto mara baada ya kuchanganya na tena X inapopotea, kisha kuchora nukta kwenye wastani wa usomaji huo.